Insulini kwa mgonjwa wa mpira wa pua: mwongozo wa wodini, uji unapoingia na unapokatika

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na mzee wa kiharusi aliyekuwa akilishwa kwa mpira wa pua. Saa 12 asubuhi alichomwa uniti 20 za insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, kama chati ilivyosema. Uji wake ulikuwa unaletwa na binti yake kutoka nyumbani. Siku hiyo daladala iliharibika njiani, na binti akafika getini wakati muda wa kuona wagonjwa umeshapita. Uji ukabaki getini. Saa 4 asubuhi mzee alikuwa amelala fofofo, nasi tukafurahi kwamba leo ametulia. Aliyemgeuza ndiye aliyekuta shuka limelowa jasho. Mashine ikasoma 1.9.

Aliamka baada ya dekstrozi. Lakini tangu siku ile naipanga insulini ya wagonjwa wa namna hii kwa swali moja: chakula kikikatika sasa hivi, ni uniti ngapi ambazo tayari ziko mwilini na siwezi kuzirudisha? Yote yafuatayo yanatokana na swali hilo. Nawaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wa wodi za kawaida, zile ambazo uji unachujwa kwa kichujio cha chai na pampu ya kulishia hatuna. Dozi ninazotaja ni za kuanzia kwa mtu mzima. Daktari wa mgonjwa ndiye anayeziidhinisha, na mwongozo wa hospitali yako ukisema vingine, ufuate huo.

Igawe insulini katika mafungu matatu

Mgonjwa anayelishwa au anayekula kidogo anahitaji insulini kwa kazi tatu tofauti, na kila kazi iandikwe peke yake kwenye chati.

Fungu la kwanza ni la msingi. Ini hutoa sukari usiku na mchana hata mtu asipokula, na insulini ya msingi ndiyo inayoizuia isizidi. Kwetu kazi hii hufanywa na NPH, ile nyeupe yenye ukungu, inayobingirishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvutwa. Huanza kazi baada ya saa 1 hadi 2, hufikia kilele kati ya saa 4 na 8, kisha hupungua polepole.

Fungu la pili ni la chakula, na hapa tunatumia insulini mumunyifu, ile safi kama maji ambayo wengi wetu tunaiita solubo. Huanza baada ya nusu saa, kilele chake ni kati ya saa 2 na 4, na huisha baada ya saa 6 hadi 8.

Fungu la tatu ni la marekebisho, yaani uniti chache za solubo zinazoongezwa pale kipimo kinapokutwa juu.

Faida ya mgawo huu huonekana siku mambo yanapoharibika. Chakula kikikatika unaacha fungu la pili, unapunguza la kwanza, na kila mtu anaelewa kwa nini. Ukiwa umetumia 70/30 umefunga msingi na chakula kwenye kamba moja, na ikishaingia huwezi kutoa kimoja ukabakiza kingine. Mtu anayekula kwa saa zinazojulikana nyumbani kwake anaweza kuimudu. Kwa mgonjwa wa mpira naikataa, hata kama ndiyo iliyojaa kabatini. Solubo na NPH zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kumwomba mfamasia azitafute si anasa.

Kosa la upande wa pili ni kuandika marekebisho peke yake: "pima kila baada ya saa 6, ikizidi 10 choma." Mgonjwa huyo anachomwa akishapanda, anaachwa akishashuka, na sukari inakuwa bembea. Kama ni wa aina ya 1, kukosa insulini ya msingi kunaweza kumwingiza kwenye ketoni ndani ya siku moja.

Kabla ya dozi ya kwanza, uhesabu uji

Nitamtumia mgonjwa mmoja kuanzia hapa. Ni bibi wa miaka 68, kilo 60, mwenye kisukari aina ya 2 kwa miaka mingi. Amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, hasemi, na maji ya kijiko yanamkaba. Nyumbani alikuwa anachoma 70/30, uniti 24 asubuhi na 12 jioni. Amefika na sukari 15.3 mmol/L, mkojo hauna ketoni, kreatinini yake ni ya kawaida.

Kishawishi ni kuendeleza dozi ya nyumbani. Lakini uniti 36 zile zilipangwa kwa mtu anayekula wali, chapati na chai ya maziwa. Hapa atapata uji mwepesi, na bado hatujui utaingia kiasi gani. Kwa hiyo tunaanza na sufuria. Nilikaa na binti yake tukakubaliana kwamba kila mlo uwe mililita 300 na uwe na vitu vilevile kila mara: gramu 25 za unga mkavu, maziwa mililita 150, kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichosawazishwa, na mafuta kidogo. Unga unatoa takriban gramu 18 za wanga, maziwa 7 au 8, na sukari 4. Jumla ni kama gramu 30 kwa mlo. Milo ni minne kwa siku, kwa hiyo wanga ni gramu 120.

Chakula hiki hakimtoshi kwa muda mrefu, na mtaalamu wa lishe ataongeza yai, karanga au maziwa zaidi. Ila kila kinapoongezwa kitu hesabu ya wanga irudiwe. Kilichowahi kunisumbua ni ndugu mwenye huruma. Anaona mgonjwa amekonda, anaongeza vijiko viwili vya sukari kimyakimya, na sisi tunapandisha insulini. Kesho yake anakuja ndugu mwingine na uji usio na sukari kabisa. Mwambie binti sababu, usimpe amri tupu: "Dada, insulini tumeipima kwa kijiko kimoja. Ukitaka kuongeza tuambie kwanza, nasi tuongeze dawa."

Kwa nini milo minne na si sita? Kwa sababu ya solubo. Inadumu saa 6 na zaidi. Ukimchoma kila baada ya saa 3 kwa kila kikombe cha uji, dozi ya asubuhi haijaisha na ya pili imeshapanda juu yake. Mchana unakuta dozi tatu zinafanya kazi pamoja, kisha sukari inaporomoka na hakuna anayejua ni ipi ya kulaumiwa. Kwa hiyo nalazimisha milo ifuate dawa: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kama tumbo la mgonjwa halibebi mililita 300 kwa mkupuo, gawa kila mlo mara mbili, nusu kwa wakati na nusu baada ya saa moja na nusu hivi, lakini sindano ya chakula ibaki moja kila baada ya saa 6.

Na kuhusu saa, chati zetu huandikwa 06:00 na 12:00, ilhali ndugu husema saa 12 na saa 6. Nimeshuhudia mlo wa "saa 6" ukisubiriwa mchana wakati muuguzi alimaanisha 06:00. Andika zote mbili kwenye karatasi inayobandikwa kitandani.

Kupanga dozi ya kuanzia

Msingi: kwa mtu mzima mwenye figo nzuri naanza na uniti 0.2 kwa kilo. Kilo 60 mara 0.2 ni 12, nazigawa NPH 6 saa 12 asubuhi na 6 saa 12 jioni. Angekuwa na figo mbovu, au mzee dhaifu sana, ningeanza na 0.1 hadi 0.15 kwa kilo, kwa kuwa figo ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya insulini ya kuchoma, na ikichoka dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko ulivyopanga.

Chakula: kanuni inayotumika ni uniti 1 kwa kila gramu 10 hadi 15 za wanga. Naanza na 15, upande wa tahadhari. Gramu 30 kwa 15 ni uniti 2 za solubo kwa kila mlo.

Marekebisho: kwa bibi huyu, kipimo cha 10.1 hadi 13.9 anaongezewa uniti 1, cha 14 hadi 17.9 uniti 2, na 18 kwenda juu uniti 3 pamoja na kumwita daktari na kupima ketoni. Zinachomwa kwenye bomba moja na solubo ya chakula, katika saa zilezile nne. Hakuna sindano ya katikati kwa sababu tu mtu amepita akapima akaona 14.

Jumla inakuwa uniti 20 kwa siku bila marekebisho. Ni kidogo kuliko za nyumbani, na ndivyo nilivyotaka. Lengo la jumla kwa mgonjwa wa wodini ni 7.8 hadi 10, ila Waingereza, katika mwongozo wao wa wagonjwa wa kiharusi wanaolishwa kwa mpira, wanaruhusu 6 hadi 12. Pale ambapo vipimo ni vinne tu kwa siku nami nakubali hadi 12, wala sioni aibu. Mashine yako ikisoma mg/dL, gawa kwa 18 upate mmol/L: 180 ni 10, na 70 ni 3.9.

Neno moja juu ya bomba. Uniti 2 au 3 kwenye bomba la uniti 100 hazionekani vizuri, kwani kila mstari wake ni uniti 2. Tafuta la uniti 30 au 50. Bomba la kawaida la mililita 2 lisiguse kichupa cha insulini hata kama hakuna jingine.

Mpangilio wa kila mlo

Solubo imezoeleka kuchomwa nusu saa kabla ya chakula. Kwa mgonjwa huyu sifanyi hivyo. Nusu saa inatosha kwa mpira kukutwa umetoka, kwa gari la kumpeleka kwenye kipimo cha kichwa kufika, au kwa ndugu kugundua maziwa yameganda. Mpangilio wangu ni huu:

1. Osha kidole cha mgonjwa kwa maji, kikaushe, ndipo upime. Pamba ya spiriti haiondoi uji uliokauka. Bibi yetu siku ya pili alisoma 21.4 saa 6 mchana. Kidole kilikuwa kile ambacho binti alikuwa amekishika huku akikoroga sukari. Tulipokiosha na kurudia, 12.8. Tungechoma kwa 21.4 angepata nyongeza ya uniti 3 badala ya 1.
2. Hakikisha mpira uko tumboni kwa njia mnayotumia, na mgonjwa ameinuliwa kichwa.
3. Chakula kiwe mkononi, kimechujwa, kimepoa, kiasi chake kinaonekana. "Kinakuja" haihesabiki.
4. Anza kulisha. Nusu ikishapita bila kikohozi wala kutapika, choma solubo.
5. Andika kilichoingia, si kilichopangwa. Kama zimepita mililita 150, andika 150.

Ndiyo, kuchoma katikati ya mlo kunafanya sukari ipande zaidi saa ya kwanza, kwa sababu uji mwepesi hufyonzwa haraka kuliko solubo inavyoamka. Naikubali hasara hiyo. Sukari ya 13 kwa saa moja haimwui mtu, ila solubo bila uji inaweza.

NPH yenyewe haisubiri mlo. Inachomwa kwa saa yake, isipokuwa kipimo kiko chini ya 5 au chakula kimekatika, na hapo unarudi kwenye sehemu ya kukatika hapa chini.

Kupandisha na kushusha, mara moja kwa siku

Siku ya pili bibi alisoma 11.9, 12.8, 12.2 na 13.1. Kila mara aliongezewa uniti 1, kwa hiyo marekebisho ya siku nzima yalikuwa uniti 4. Marekebisho yanayojirudia kila saa 6 yanakuambia kwamba dozi iliyopangwa ni ndogo. Yachukue uyaingize kwenye mpango.

Lakini uyaingize wapi? Kwa mtu anayekula kawaida, kipimo cha alfajiri ndicho kinachohukumu insulini ya msingi, kwa sababu hajala usiku kucha. Huyu analishwa saa 6 usiku pia, hana mfungo, na namba zake haziwezi kukuonyesha kama kilichopungua ni msingi au ni cha chakula. Wengine hugawa nusu kwa nusu. Mimi naweka nyongeza yote kwenye fungu la chakula maadamu msingi umefika 0.2 kwa kilo, kwa sababu hilo ndilo fungu ninaloweza kulizuia mkononi mlo usipoingia. NPH nikishaichoma haiko mikononi mwangu tena. Kwa hiyo siku ya tatu solubo ilipanda kutoka 2 hadi 3 kwa kila mlo, na NPH ikabaki 6 na 6. Mchana wake alisoma 9.8, jioni 8.6.

Kushusha kuna haraka zaidi. Kipimo chochote chini ya 5.6 ni onyo: punguza jumla kwa asilimia 10 hadi 20 siku hiyohiyo. Kikifika chini ya 3.9, punguza kwa asilimia 20 hadi 40, na kabla hujageuza ukurasa utafute sababu. Mara nyingi utaikuta kwenye safu ya kilichoingia, si kwenye safu ya dozi. Nyingine ni deksamethasoni iliyosimamishwa jana huku insulini iliyopandishwa kwa ajili yake ikiachwa vilevile.

Usiku mpira ulipotoka

Siku ya tatu saa 12 jioni bibi alisoma 8.6. Alipata NPH 6, mlo wa mililita 300 ukapita wote, solubo 3 ikachomwa. Saa 1 na dakika 10 usiku akakohoa, akatapika, na mpira ukatoka pamoja na matapishi. Sehemu kubwa ya uji ilikuwa shukani. Mtu wa kuurudisha na kuuthibitisha hakuwepo hadi asubuhi.

Kipimo cha wakati ule kilikuwa 8.1, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanaandika "sukari nzuri, ataangaliwa saa 6 usiku." Tazama kilichoko mwilini. Solubo 3 zilizochomwa saa moja iliyopita zitafikia kilele kati ya saa 2 na saa 4 usiku. NPH itafikia chake kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Hiyo 8.1 ni namba ya mtu aliye juu ya ngazi, na anayemsukuma yuko nyuma yake.

Hatua ni moja: dripu ya dekstrozi 10% ianze sasa, si sukari ikishashuka. Kasi yake inatokana na hesabu ya sufuria. Mlo ulikuwa gramu 30 kwa saa 6, yaani gramu 5 kwa saa. Dekstrozi 10% ina gramu 10 katika mililita 100, kwa hiyo mililita 50 kwa saa zinafidia sawasawa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni kama matone 17 kwa dakika. Kama 10% haipo, toa mililita 50 kwenye chupa ya nusu lita ya dekstrozi 5% na uweke mililita 50 za 50%. Unapata kama 9.5%, na inatosha. Kutumia 5% tupu kungehitaji mililita 100 kwa saa, maji mengi kwa ubongo uliovimba na moyo wa umri huo.

Kisha pima kila saa. Saa 2 usiku 7.4, saa 3 usiku 6.6, saa 4 usiku 5.9. Hatukusubiri afike 4. Tulipandisha dripu hadi mililita 75 kwa saa. Saa 5 usiku 6.3, saa 6 usiku 6.8. Solubo ya saa 6 usiku haikuchomwa, na kwenye chati tuliandika "haikutolewa, mlo haukuwepo", maana nafasi tupu huonekana kama uzembe na mtu wa zamu inayofuata anaweza kuijaza. Saa 8 usiku alikuwa 7.9, dripu ikarudi 50. Saa 12 asubuhi 9.4.

Hapo linakuja swali la NPH ya asubuhi. Mpira bado haupo, dripu inaendelea. Huyu ni wa aina ya 2, tukampa nusu, uniti 3. Angekuwa wa aina ya 1 nisingekata nusu: ningempa kama asilimia 80 na kuhakikisha dripu haikauki, kwa sababu bila msingi anaingia kwenye ketoni hata kama hajala chochote. Saa 4 asubuhi mpira ulirudishwa. Mlo wa kwanza ulikuwa nusu, mililita 150, na solubo 1. Dripu ilifungwa saa moja baadaye, uji ulipokaa. Kuifunga dripu siku mpira unaporudi, kabla chakula hakijaingia, ni namna nyingine ya kurudia kosa lilelile.

Akishuka

Mgonjwa asiyesema hatakuambia anatetemeka. Utakachoona ni jasho, kuhangaika na kuvuta mpira, au usingizi mzito. Udhaifu unaoongezeka upande uleule wa kiharusi unaweza kuwa sukari ya chini, kwa hiyo pima kabla ya kusema kiharusi kimerudi. Akiwa anatumia atenololi au propranololi, mapigo ya moyo na mtetemo vinaweza kufichwa, lakini jasho hubaki.

Chini ya 3.9, mpira ukiwa umethibitishwa na mgonjwa yuko macho: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji mililita 100, pitisha, sukuma na maji. Akiwa na usingizi au mpira hauaminiki: dekstrozi 10% mililita 150 hadi 200 kwenye mshipa kwa dakika 15. Ukiwa na ya 50% peke yake, mpe mililita 50 ukizichanganya na maji ya sindano kiasi hichohicho, kwenye mshipa mzuri, polepole, kwa sababu inauunguza mshipa. Rudia kipimo baada ya dakika 15. Usimmiminie kitu mdomoni. Na akishaamka usiondoke: NPH ingali inafanya kazi, kwa hiyo dripu ya mililita 50 kwa saa inabaki mpaka kilele kipite.

Anayekula kwa mdomo, lakini kidogo

Huyu ni mgumu kuliko wa mpira, kwa sababu uji wa mpira unaupima na ugali unaukisia. Zaidi ya hapo, watu wetu wana adabu. Ukimwuliza mzee, "Shikamoo babu, umekula?" atajibu "Marahaba, nimekula mwanangu," na sahani iko chini ya kitanda imefunikwa. Usiulize, funua sahani.

Msingi wake unabaki: NPH 0.2 kwa kilo kwa siku, au 0.1 hadi 0.15 akiwa dhaifu au figo ni mbovu. Solubo ya chakula inachomwa baada ya kula, kulingana na ulichoona. Tuseme mzee wa kilo 50 amepangiwa uniti 4 kwa sahani nzima. Amemaliza au amebakiza kidogo, mpe 4. Amefika nusu, mpe 2. Amedonoa matonge mawili, asipewe kitu. Anayekunywa chai tupu siku nzima abaki na msingi na marekebisho tu, na marekebisho ya usiku yawe nusu.

Solubo iliyochomwa baada ya chakula inachelewa. Mlo mdogo ukishayeyuka, yenyewe bado inapanda. Kipimo cha saa 3 hadi 4 baada ya sindano ndicho kitakachokuambia ukweli, na kama una kipande kimoja tu cha kupimia cha ziada kwa siku, kitumie hapo.

Bibi yetu alianza kumeza uji mzito siku ya 9. Tulimwachia NPH 6 na 6, na kila mlo wa mpira uliobadilishwa kuwa wa mdomo ulihamia kwenye kanuni ya sahani: solubo 3 akimaliza, 1 akifika nusu. Siku mbili za kwanza hakufika nusu hata mara moja, na NPH ya jioni ikashuka hadi 4 baada ya kusoma 5.2 alfajiri. Mpira ulitolewa siku ya 12, alipokula nusu au zaidi kwa milo mitano mfululizo.